Msongamano wa kigeu kilichobadilishwa haujumlishi 1: dalili, vyanzo na marekebisho

Kigeu nasibu endelevu X kina mgawanyo sare kati ya −1 na 2, na tunatakiwa kupata fanksheni ya msongamano wa Y = X². Swali ni fupi, lakini linatosha kufichua karibu kila kosa linalofanywa katika kazi ya namna hii, kwa sababu masafa ya X hayalingani pande mbili za sifuri. Kama X ingekuwa kati ya −1 na 1, ulinganifu ungeyafunika baadhi ya makosa hayo. Kwa maoni yangu, mazoea ya kufundisha kwa mifano yenye ulinganifu ndiyo yanayomfanya mwanafunzi apate jibu sahihi leo kisha akwame kesho kwenye swali linalofanana nalo.

Kabla ya kutafuta makosa, inafaa jibu sahihi liwepo mezani. Njia ya kuaminika zaidi ni kuanza na uwezekano wenyewe, yaani fanksheni limbikizi, na kuuacha msongamano uje mwisho. Kusema kwamba Y haizidi y ni sawa na kusema kwamba X iko kati ya −√y na √y. Msongamano wa X ni 1/3 kila mahali ndani ya masafa yake, kwa hiyo uwezekano unaotafutwa ni urefu wa sehemu hiyo ukizidishwa kwa 1/3, mradi tuhesabu ile sehemu tu iliyomo kati ya −1 na 2. Pale y inapokuwa kati ya 0 na 1, sehemu yote imo ndani na urefu wake ni 2√y, hivyo uwezekano ni 2√y/3. Pale y inapokuwa kati ya 1 na 4, upande wa kushoto umekwisha kugonga ukuta wa −1, na kinachoendelea kukua ni upande wa kulia peke yake, hivyo uwezekano ni (√y + 1)/3. Tukinyambua kila kipande tunapata:

```
f(y) = 1/(3√y)    kwa 0 < y < 1
f(y) = 1/(6√y)    kwa 1 < y < 4
f(y) = 0          kwingineko
```

Eneo chini ya kipande cha kwanza ni 2/3, na chini ya cha pili ni 1/3, jumla 1.

Kwa uchunguzi wote unaofuata tutahitaji vipimo vitatu. Cha kwanza ni eneo lote chini ya mchoro, ambalo lazima liwe 1. Cha pili ni wastani wa Y, ambao unaweza kukokotolewa moja kwa moja kutoka kwa X bila kuugusa msongamano mpya: ni integrali ya x²/3 kuanzia −1 hadi 2, yaani (8 + 1)/9, ambayo ni 1. Cha tatu ni uwezekano mmoja unaojulikana kwa njia nyingine. Kwa mfano, Y haizidi 1 pale tu X inapokuwa kati ya −1 na 1, na uwezekano wa hilo ni 2/3.

Dalili: eneo ni 4/3

Eneo likizidi 1, tazama kwanza umbo la jibu lako kabla ya kurudi kwenye hesabu, kwa kuwa vyanzo viwili tofauti kabisa hutoa 4/3 hiyo hiyo.

Ikiwa jibu lako ni 1/3 tambarare kuanzia 0 hadi 4, umebadilisha herufi bila kubadilisha msongamano. Ulichukua fanksheni ya X, ukaweka √y mahali pa x, na kwa kuwa fanksheni ile ni 1/3 kila mahali, ilibaki vilevile. Kosa hili linatokana na kudhani kwamba msongamano ni uwezekano wa kupata thamani fulani. Kinachohifadhiwa X inapogeuka kuwa Y si urefu wa mchoro bali eneo. Kipande kidogo cha mhimili wa X kinapopelekwa kwenye mhimili wa Y huweza kutanuka au kusinyaa, nacho hubeba uwezekano ule ule. Ni sawa na donge la unga linalosukumwa kuwa chapati: likitandazwa kuwa pana mara mbili, unene wake unabaki nusu. Kiwango cha kutanuka kwenye nukta x ni kinyambuo cha x², yaani 2x, na kwa hiyo msongamano wa zamani lazima ugawanywe kwa 2√y. Bila mgawanyo huo hakuna jibu.

Ikiwa jibu lako linateremka kwa umbo la 1/(3√y) kuanzia 0 mpaka 4 bila kukatika, mgawanyo umeufanya vizuri, ila umehesabu vipeuo vya pili vyote viwili hata mahali ambapo kimoja hakipo. Chukua y = 2.25. Thamani mbili za x ambazo mraba wake ni 2.25 ni 1.5 na −1.5, lakini −1.5 iko nje ya masafa ya X na haichangii chochote. Kwa y iliyo kati ya 1 na 4, mchango ni wa kipeuo chanya peke yake, na urefu wa mchoro unashuka hadi nusu ghafla pale y inapovuka 1. Mruko huo ni halali. Watu wengi wakiuona huudhania kuwa ni kosa, wakalainisha jibu ili lipendeze macho, na hapo ndipo wanapoharibu kazi iliyokuwa sahihi.

Dalili: eneo ni 2/3

Upungufu nao una zaidi ya chanzo kimoja, na hapa pia umbo ndilo linaloamua.

Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kusahau kipeuo hasi. Mtu anaandika x = √y, ananyambua, anapata 1/(6√y) kuanzia 0 hadi 4, na eneo linakuwa 2/3. Theluthi iliyopotea si ya kubahatisha: ndiyo hasa uwezekano kwamba X ni hasi. Hii ni ishara nzuri ya kukumbuka, kwa sababu katika tatizo lolote la mraba, ukisahau tawi la kushoto, upungufu wa eneo utakuwa sawa na uwezekano wa X kuwa chini ya sifuri. Kwa mgawanyo wa kawaida wenye wastani 0, ambao nusu yake iko upande wa hasi, eneo litakuwa 1/2. Ukiona nusu hiyo, chanzo karibu kila mara ni hicho.

Chanzo cha pili ni kukosea mipaka. Mtu anachukua ncha za X, −1 na 2, anaziinua kwa kipeo cha pili, anapata 1 na 4, kisha anatangaza kwamba Y iko kati ya 1 na 4. Njia ya kupeleka ncha kwenye ncha ni salama pale tu ambapo fanksheni inapanda moja kwa moja au inashuka moja kwa moja katika masafa yote. Mraba unashuka mpaka sifuri kisha unapanda, na thamani yake ndogo kabisa inapatikana katikati, si kwenye ncha. Mtu huyu akitumia vipeuo vyote viwili ndani ya mipaka hiyo mibaya, ataandika 1/(3√y) kati ya 1 na 4, ambayo eneo lake ni 2/3. Akitumia kimoja, eneo litakuwa 1/3. Kutofautisha chanzo hiki na cha kwanza hakuhitaji hesabu: uliza kama jibu linaruhusu Y iwe 0.25. X ikiwa 0.5, Y ni 0.25, kwa hiyo jibu lolote linaloipa thamani hiyo msongamano wa sifuri limekosea mipaka.

Dalili: eneo ni 1, lakini wastani haulingani

Dalili hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu aliyeipata huwa hajui kwamba ana tatizo. Inazaliwa na dawa ya kienyeji ambayo huonekana ya busara: mtu anapata eneo la 2/3, anaona si 1, na badala ya kutafuta chanzo anazidisha jibu lote kwa 3/2. Kwa hesabu yetu, 1/(6√y) inageuka kuwa 1/(4√y) kuanzia 0 hadi 4, na eneo lake ni 1 barabara. Ni fanksheni ya msongamano isiyo na kasoro yoyote, ila si ya Y.

Vile vipimo viwili vilivyobaki vinaikamata mara moja. Wastani unaotokana na 1/(4√y) ni integrali ya √y/4 kuanzia 0 hadi 4, ambayo ni 4/3, ilhali tulikwisha kuona kwamba wastani wa Y ni 1. Uwezekano kwamba Y haizidi 1 unatoka 1/2, ilhali ni 2/3. Ukitazama kwa makini utaona kwa nini wastani umepanda: uwezekano uliosahauliwa ulikuwa wote kwenye thamani ndogo za Y, zile zinazotoka kwa X kati ya −1 na 0, na kuzidisha kila kitu kwa kiwango kimoja kumeusambaza mpaka kwenye thamani kubwa ambako haukuwa mali yake.

Kuzidisha ili eneo lifike 1 ni hatua halali pale ambapo umbo la msongamano linajulikana kwa hakika na kilichokosekana ni namba moja ya mbele tu. Katika kubadilisha kigeu, hali hiyo haipo. Kila kiwango kinatokana na msongamano wa X na kinyambuo, na eneo lazima lije 1 lenyewe. Likikataa, kuna tawi, mpaka au kinyambuo kilichoachwa. Kulilazimisha ni kufuta ushahidi pekee uliokuwa nao.

Kuna tofauti moja inayochekesha kidogo. Kama X ingekuwa sare kati ya −1 na 1, kusahau tawi la kushoto kungekupa 1/(4√y) kati ya 0 na 1, eneo 1/2, na kuzidisha kwa 2 kungekupa 1/(2√y), ambalo ndilo jibu sahihi. Dawa mbaya imeponya, kwa sababu tu matawi mawili yalikuwa yanalingana.

Dalili: msongamano ni hasi, au fanksheni limbikizi inashuka

Tuache mraba kwa muda tuchukue badiliko la mstari, Y = 5 − 2X, kwa X ile ile. X ikiwa −1, Y ni 7. X ikiwa 2, Y ni 1. Kwa hiyo Y iko kati ya 1 na 7, na kwa kuwa masafa yametanuka mara mbili, msongamano ni 1/3 ugawanywe kwa 2, yaani 1/6. Anayegawanya kwa −2 badala ya 2 anapata −1/6. Msongamano hauwezi kuwa hasi, na tiba ni kugawanya kwa thamani ya kinyambuo iliyovuliwa alama yake, kwa sababu kinachopimwa ni kiasi cha kutanuka, si mwelekeo. Kwa ujumla, Y ikiwa aX + b, msongamano wake kwenye y ni msongamano wa X kwenye (y − b)/a, ukigawanywa kwa |a|.

Hapo kosa liko wazi na halimdhuru mtu. Linalodhuru ni lile la ndani yake. Anayefuata njia ya fanksheni limbikizi anaandika kwamba 5 − 2X haizidi y, kisha anagawanya pande zote kwa −2 na kusahau kugeuza alama ya ukosefu wa usawa. Anapata kwamba X haizidi (5 − y)/2, wakati ukweli ni kwamba X haipungui kiwango hicho. Akinyambua, alama ya hasi inajitokeza; anaidhania kuwa ni ajali ndogo, anaifuta, na anabaki na 1/6 ambayo ni sahihi. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu. Lakini akiulizwa uwezekano kwamba Y haizidi 2, atatumia fanksheni limbikizi aliyoiandika: atakokotoa uwezekano kwamba X haizidi 1.5, na kujibu 5/6. Jibu sahihi ni 1/6, kwa kuwa Y haizidi 2 pale X inapokuwa 1.5 au zaidi. Kipimo cha kulikamata kosa hili ni kuweka ncha mbili za Y ndani ya fanksheni limbikizi: kwenye 1 lazima itoe 0, na kwenye 7 lazima itoe 1. Ikitoa kinyume chake, alama haikugeuzwa.

Katika badiliko la mstari lenye a chanya, makosa ni machache na hujitambulisha yenyewe. Joto lenye mgawanyo sare kati ya nyuzi 20 na 30 za Selsiasi lina msongamano wa 0.1. Likiandikwa kwa Farenhaiti, kama wanavyolipima Marekani, linakuwa kati ya 68 na 86, na msongamano wake ni 0.1 ugawanywe kwa 1.8, yaani 1/18. Ukiona eneo la 1.8 umesahau kugawanya, ukiona 3.24, ambayo ni mraba wa 1.8, umezidisha mahali pa kugawanya. Ile 32 inayojumlishwa haigusi urefu wa mchoro hata kidogo, inausogeza tu.

Dalili: msongamano unapaa bila kikomo karibu na sifuri

Hili si tatizo, na halihitaji kurekebishwa. Fanksheni 1/(3√y) inazidi 3 pale y inapokuwa 0.01, na inaendelea kupanda kadiri y inavyosogelea 0. Msongamano si uwezekano, kwa hiyo hauzuiliwi na 1. Sababu ya kupaa ni kwamba mraba ni mlalo kabisa kwenye x = 0: kinyambuo 2x kinafikia sifuri, na thamani nyingi za X zinabanwa kwenye sehemu finyu sana ya mhimili wa Y. Uwezekano wenyewe unabaki wa kawaida. Y haizidi 0.01 pale X inapokuwa kati ya −0.1 na 0.1, na huo ni 0.2/3, yaani takriban 0.067.

Kupaa kunakotia shaka ni kule ambako eneo lenyewe halina mwisho. Jibu lenye umbo la 1/y badala ya 1/√y karibu na sifuri lina eneo lisilo na kikomo na haliwezi kuwa msongamano. Mara nyingi limetokana na kugawanya kwa 2y mahali pa 2√y, yaani kuacha kinyambuo katika x na kubadilisha herufi tu bila kuweka √y.

Dalili: histogramu ya kompyuta haifuati fomula

Majaribio ya kompyuta ni njia nzuri ya kuhakiki, mradi ujue kinacholinganishwa. Mistari hii ya Paitoni inatosha:

```python
import numpy as np
x = np.random.uniform(-1, 2, 1_000_000)
y = x**2
print(y.mean(), (y <= 1).mean(), (y <= 0.01).mean())
```

Namba tatu zitakazotoka zinapaswa kukaribia 1, 0.667 na 0.067. Anayechora histogramu badala ya kuuliza namba hizi hukutana na mambo mawili yanayopotosha. La kwanza ni kwamba nguzo ya kwanza huonekana ndefu kuliko fomula. Kwa nguzo zenye upana wa 0.05, nguzo ya mwanzo ina urefu wa karibu 2.98, ilhali fomula kwenye katikati yake, y = 0.025, inatoa karibu 2.11. Zote mbili ni sahihi: nguzo inaonyesha wastani wa msongamano katika upana wake, na pale mchoro unapoporomoka kwa kasi, wastani huo uko mbali na thamani ya katikati. La pili ni kukata mhimili kwa `range=(0, 1)` pamoja na `density=True`. Numpy huziacha thamani zote zilizo nje ya mipaka hiyo na kulifanya eneo la zilizobaki liwe 1, kwa hiyo kila nguzo inarefuka mara 1.5, na fomula sahihi inaonekana kama imekosea.

Dalili: eneo ni 2/3 tena, na kila hatua imehakikiwa

Chukua X ile ile, lakini Y sasa iwe sawa na X pale X inapokuwa chanya, na iwe 0 pale X inapokuwa hasi. Badiliko la namna hii hutokea kila penye kipimo kisichoweza kusoma chini ya sifuri. Kwa y kati ya 0 na 2 kinyambuo ni 1, tawi ni moja, mipaka iko sawa, na msongamano ni 1/3. Eneo ni 2/3, wala hakuna hatua iliyorukwa.

Kinachokosekana hakiwezi kupatikana kwa kunyambua. Sehemu yote ya X kuanzia −1 hadi 0 imepelekwa kwenye nukta moja, na nukta hiyo ina uwezekano kamili wa 1/3. Y si kigeu endelevu tena, na hakuna fanksheni ya msongamano peke yake itakayoieleza. Katika mraba, badiliko lilikuwa mlalo kwenye nukta moja tu, x = 0, na msongamano ulipaa lakini ukasalimika; hapa ni mlalo katika kipande kizima. Fanksheni limbikizi inalionyesha hilo bila utata: ni 0 kabla ya sifuri, inaruka hadi 1/3 pale pale kwenye sifuri, kisha inapanda kwa mstari (1 + y)/3 mpaka kufikia 1 kwenye y = 2. Jibu linaandikwa hivyo hivyo, kwa fanksheni limbikizi, au kwa kutaja vitu viwili pamoja: uwezekano wa 1/3 kwenye 0, na msongamano wa 1/3 kati ya 0 na 2.